Mhadhiri hajatangaza uzito wa alama? Unaweza kuukadiria

Alama za tathmini endelevu zimebandikwa na umepata 66. Unajua asaimenti ulipata 85 na testi 58, ila mhadhiri hakusema kila moja ina uzito gani. Mwanafunzi mmoja ninayemfundisha takwimu hapa Moshi aliniletea hesabu hiyohiyo: "Mwalimu, nitajuaje mtihani wa mwisho natakiwa nipate ngapi?"

Angalia umbali kwanza. Kutoka 58 hadi 85 ni alama 27. Ile 66 imepanda alama 8 juu ya testi. Gawa 8 kwa 27, unapata 0.296. Huo ndio uzito wa asaimenti, karibu asilimia 30; testi inabaki na 70.

Sasa, 66 inaweza kuwa imekadiriwa, yaani alama halisi iko popote kati ya 65.5 na 66.5. Rudia hesabu kwa ncha zote mbili: uzito unaangukia kati ya asilimia 28 na 31. Wahadhiri wengi hupanga uzito kwa tano tano au kumi kumi, na hapo katikati namba ya namna hiyo ni 30 peke yake.

Tumebahatika kwa sababu asaimenti na testi zimeachana sana. Mwenye 63 na 60 hawezi kujua chochote: tofauti ni alama 3 tu, na ile nusu alama ya kukadiria inayumbisha jibu kwa asilimia 17 kila upande. Huyo amtafute mwenzake darasani ambaye alama zake zimeachana. Hata wewe mwenye jibu, lipime kwa mwenzako. Aliyepata asaimenti 90 na testi 41 anapaswa kuwa na 55.7, yaani 56. Akiwa na 65 au 66, huenda uzito ni nusu kwa nusu, na kwako kuna kitu kingine kimeingia.

Kitu hicho mara nyingi ni mahudhurio, au asaimenti ambayo haikuandikwa. Dalili ya wazi ni alama ya tathmini iliyoangukia nje ya zile mbili. Ungepewa 55, hakuna uzito wowote unaoweza kuitoa kwenye 85 na 58. Hapo nenda ofisini ukaulize.

Tuje kwenye mtihani wa mwisho. Hesabu yetu imetoa uwiano wa asaimenti na testi tu. Uzito wa mtihani wenyewe haumo kabisa ndani ya ile 66. Kwa hiyo jaribu mipangilio inayowezekana. Tuseme unataka jumla ya 60. Tathmini ikiwa asilimia 40 na mtihani 60, ile 66 inakupa 26.4, zinabaki 33.6, ambazo ukigawa kwa 0.6 unapata 56. Ikiwa ni 50 kwa 50, unahitaji 54. Ikiwa ni 30 kwa 70, unahitaji 58. Nilimwambia ajiandae kwa 58, maana inatosha kwa mipangilio yote mitatu.