Metronidazo na tumbo la kuendesha

"Tumbo likiendesha, si unameza metronidazo tu?" Swali hili husikika sana kwenye maduka ya dawa hapa Moshi.

Dawa hii huingia mwilini ikiwa bado haijawa na makali. Huyapata ndani ya vijidudu vinavyoishi pasipo oksijeni, kama amiba na jiadia: vyenyewe huipa elektroni, nayo hugeuka sumu inayokatakata vinasaba vyao. Virusi haviwezi kuigeuza hivyo, na mara nyingi ndivyo vinavyowaharisha watoto wadogo. Hapo wanahitaji ORS na zinki. Soma karatasi iliyomo kwenye pakiti: virusi havitajwi kati ya vinavyotibiwa.

Ladha ya chuma mdomoni, kichefuchefu na mkojo uliokoza rangi ni maudhi yake yanayojulikana, wala si dalili kwamba ugonjwa unatoka. Ukihisi ganzi vidoleni, wahi kwa daktari.