Kazi saba, za kutuma ni tatu

Ujumbe wa kuomba kazi uliofika kwenye studio yetu ya gemu ulikuwa hivi:

"Habari. Mimi ni msanii chipukizi, napenda gemu tangu utotoni. Najua kuchonga wahusika, mazingira na vifaa, kutengeneza nembo na kuhariri video. Niko tayari kwa kazi yoyote mtakayonipa. Naambatanisha kazi zangu."

Chini yake kulikuwa na kiungo cha potifolio na faili zito la ZIP. Nafasi tuliyotangaza ilikuwa moja tu: msanii wa vifaa, yaani mtu wa kutengeneza mapipa, taa, makabati, zana na vitu vingine ambavyo mchezaji huvipita, huvishika au huvivunja. Naichambua potifolio hiyo hapa kwa ruhusa ya mwenyewe, kwa sababu kazi alikuwa anaiweza. Tatizo lilikuwa alichochagua kuonyesha.

Anayefungua kiungo kama hicho ni kiongozi wa wasanii, na kwa kawaida ana shughuli zake nyingine mezani. Maneno hayasomi kwanza. Anapitisha macho kwenye vijipicha, anafungua kimoja au viwili, kisha anatafuta picha ya waya, ile inayoonyesha modeli ilivyogawanywa katika pembetatu. Anachotaka kujua ni kimoja: nikimpa huyu kitu cha kutengeneza, kitaingia kwenye injini ya gemu bila mtu mwingine kukirudia?

Kazi zilikuwa saba: nembo, gari la mashindano, sura ya shujaa, upanga, pampu ya maji ya mkono, kona ya karakana, na gemu ndogo aliyoifanya na wenzake.

Nembo haihusiki. Gari nalo lilitoka kwenye video ya mafunzo, na sisi tunaopitia maombi tumeshaliona gari hilohilo, kwa pembe ileile ya kamera, kwa waombaji wengine. Kujifunzia ni sawa, lakini halinionyeshi mwombaji huamua nini pale ambapo hakuna mwalimu.

Sura ya shujaa ndiyo iliyomuuma kuiacha, maana ndiyo iliyopendwa zaidi na marafiki zake. Ilichongwa kwa programu ya ZBrush, ina mamilioni ya poligoni, na iliishia hapo: hakuna modeli nyepesi iliyotengenezwa juu yake, hakuna UV, yaani modeli kukunjuliwa iwe bapa ili ivikwe picha za rangi. Kwa nafasi ya vifaa haijibu lolote, na inazua swali jipya: huyu anataka vifaa kweli, au anasubiri nafasi ya wahusika ifunguliwe?

Upanga ulikuwa mzuri, umepakwa rangi kwa mkono kwa mtindo wa katuni. Gemu zetu zinafuata uhalisia, kwa hiyo nao ukatoka. Angekuwa anaomba kwenye studio ya gemu za katuni, upanga ungekaa wa kwanza na pampu ingerudi nyuma. Ndiyo sababu sipendi orodha moja inayotumwa kila mahali.

Zikabaki pampu, karakana na gemu ya timu. Mtu ataona tatu ni chache. Lakini kazi dhaifu inapokaa kando ya nzuri, mtazamaji huanza kujiuliza kama msanii mwenyewe anaona tofauti yake. Asiyeiona atahitaji kusimamiwa kila hatua.

Pampu ilistahili muda zaidi. Kwenye potifolio ilikuwa na picha moja tu, ya kupendeza, yenye mwanga wa jioni. Nikamwomba picha ya waya, na hapo ndipo mambo yakaonekana. Ilikuwa na bolti kumi na mbili, kila kichwa cha bolti kikiwa na pande 32. Kichwa cha namna hiyo, ukiacha upande wa chini usioonekana, kinakula pembetatu 94. Zote kumi na mbili zinafika 1,128. Ukikifanya kiwe na pande 8, kinabaki na pembetatu 22, na zote pamoja zinakuwa 264. Kwa mchezaji anayepita hatua mbili kutoka kwenye pampu, tofauti haionekani, kwa sababu uduara unaweza kubebwa na ramani ya nomali, yaani picha inayoufanya mwanga uonyeshe umbo ambalo halipo, iliyotolewa kwenye modeli nzito. Pembetatu zilizookolewa zikahamia kwenye mpini na mdomo wa pampu, sehemu ambazo umbo lake hukatika dhidi ya anga na kona zake huonekana mara moja.

Kisha kutu. Alikuwa ameiweka kwa matirio ya tayari ya Substance Painter, programu ya kupaka modeli rangi, ikaenea sawasawa kila mahali, mpaka kwenye mpini. Lakini chuma kinachoshikwa kila siku hulainika na kung'aa. Kutu hukaa kwenye maungio, chini ya bolti, na pale maji yanapodondokea. Alirekebisha tabaka la kutu na la Roughness, linaloamua uso ung'ae au ufifie, mpini ukawa laini pale mikono inapopita, na pampu ikaacha kufanana na kitu kilichotolewa kiwandani kikiwa tayari kimezeeka.

Karakana ilikuwa na kasoro ya aina nyingine. Kisanduku cha zana chenye upana wa nusu mita kilipewa teksicha, yaani picha inayovikwa modeli, ya pikseli 2048, na rafu ya mita mbili ikapewa ya 1024. Chukulia kila upande unajaza upana wote wa teksicha yake: kisanduku kina pikseli 4,096 kwa mita, rafu ina 512. Ni tofauti ya mara nane kati ya vitu vinavyogusana, na jicho huiona hata kwa asiyejua jina lake, kwamba kisanduku ni kikali na rafu ina ukungu. Dawa ilikuwa kuviweka vitu vidogo vyote kwenye teksicha moja ya pamoja, vikikaribia kiwango cha rafu.

Gemu ya timu ilibaki kwa sababu ilithibitisha kwamba modeli zake zimewahi kufanya kazi ndani ya injini. Ila maelezo yalisema "tulitengeneza", na hapo msomaji hawezi kumpa sifa ya kitu chochote. Lazima aseme lake.

Baada ya hapo ujumbe ulijiandika wenyewe. Kichwa chake kilikuwa jina la nafasi na jina lake, na ndani:

"Habari za kazi. Naomba nafasi ya msanii wa vifaa mliyoitangaza. Kazi zangu tatu ziko kwenye kiungo hiki. Ya kwanza ni pampu ya maji, seti moja ya teksicha, pamoja na picha za waya na UV. Ya pili ni kona ya karakana ndani ya Unreal Engine. Modeli zote ni zangu, teksicha ya sakafu nimeitoa kwenye maktaba ya bure. Ya tatu ni gemu ya watu wanne, ambamo nilitengeneza milango, taa na makreti. Natumia Blender na Substance Painter. Niko tayari kufanya jaribio. Asanteni."

Ile sentensi ya sakafu wengi huogopa kuiandika. Mimi huniongezea imani, kwa kuwa teksicha za maktaba tunazitambua hata zisipotajwa.

Faili la ZIP aliliondoa. Studio nyingi haziruhusu kufungua viambatanisho vya mtu zisiyemjua. Kiungo akakijaribu kwenye dirisha la faragha la kivinjari, bila kuingia kwenye akaunti yake. Pampu ilifunguka vizuri. Karakana ilikuwa bado imefichwa, yeye peke yake ndiye aliyekuwa akiiona.