Yankee ikipata mmoja tu, unalipwa sifuri

Nilipokuwa nafanya kazi kwenye duka la kubeti mjini Leicester, Jumamosi moja jioni mzee mmoja mwenyeji wa Mombasa alinijia kaunta na tiketi yake ya farasi. Alikuwa amecheza Yankee ya peni 50. Farasi watatu walikuwa wamepoteza, wa nne akaja wa kwanza kwa 12/1, yaani odi 13.00 kwa namna tunavyoandika sisi.

"Mwanangu, huyu kashinda kumi na mbili kwa moja. Mbona mashine yasema sifuri?"

"Mzee wangu, mashine haijakosea. Yankee haina singo."

Hakunielewa, na sikumlaumu. Alikuwa ametoa pauni 5 na peni 50, na kichwani mwake zile peni 50 zilikuwa zimekaa juu ya kila farasi. Hazikukaa hivyo. Yankee ni mikeka 11 iliyobanwa kwenye karatasi moja, na hakuna hata mmoja kati ya hiyo 11 unaomtegemea farasi mmoja peke yake, yaani singo.

Chukua machaguo manne, uyaite A, B, C na D. Jozi zinazopatikana ni sita: AB, AC, AD, BC, BD na CD. Ukiyafunga matatumatatu unapata mikeka minne, kwa sababu kila mara unamwacha nje mmoja. Halafu kuna mmoja wa wote wanne. Sita na nne na moja ni 11. Kila mkeka unasimama kivyake na una dau lake, kwa hiyo ukisema "Yankee ya shilingi 500" umetoa 5,500. Hapo ndipo watu wengi huumia kabla hata mechi hazijaanza, kwani kuna programu za simu ambazo ukiandika 5,500 zinaigawa kwa 11, na nyingine zinaichukua kuwa dau la kila mkeka, na ghafla unadaiwa 60,500. Tazama idadi ya mikeka na jumla ya dau kabla hujabonyeza. Programu nyingi hazina hata neno Yankee. Utakuta mfumo ulioandikwa `2/4`, na hiyo ni zile jozi sita tu. Yankee kamili ni `2/4`, `3/4` na `4/4` kwa pamoja.

Ukiongeza singo nne juu ya Yankee unapata mikeka 15, na Waingereza wanaiita Lucky 15. Kwa machaguo mengine hesabu ni ileile: andika mbili nyingi kama idadi ya machaguo, uzizidishe zote, kisha toa moja. Manne yanakupa 16, ukitoa moja ni 15. Usipotaka singo, toa tena idadi ya machaguo: 15 kutoa 4 ni 11. Sita bila singo ni 57, na mkeka huo unaitwa Heinz kwa sababu kampuni ile ya vyakula vya kopo ilijitangaza kwa namba 57. Manane ni 247, wanaiita Goliath, na mimi simshauri mtu.

Sasa malipo. Wakati mashine inagoma tulikuwa tukikokotoa kwa njia hii, na mpaka leo naikagulia mikeka ya watu. Kila aliyeshinda, ongeza 1 kwenye odi yake. Aliyepoteza andika 1. Zidisha zote, toa 1, na hapo una Lucky 15 kwa dau la shilingi moja. Ukitaka Yankee, toa pia odi za walioshinda, maana hizo ndizo singo. Mpitishe yule farasi wa mzee humo: 14 mara 1 mara 1 mara 1 ni 14, toa 1 inabaki 13, toa 13, sifuri. Hata angeshinda kwa 100/1, jibu ni sifuri.

Je, Lucky 15 ingemwokoa? Angetoa pauni 7 na peni 50, akarudishiwa peni 50 mara 13, yaani pauni 6 na peni 50. Bado amepungukiwa pauni moja. Mshindi mmoja anarudisha dau lote la Lucky 15 pale tu odi yake inapofika 15.00. Ndiyo maana baadhi ya maduka ya Uingereza huweka kifuta machozi: ukipata mmoja tu, odi yake inaongezwa maradufu. Kwa mzee, 12/1 ingekuwa 24/1, naye angepokea pauni 12 na peni 50. Kwa sharti hilo, farasi wa 7/1 anatosha kurudisha dau, kwa sababu 7/1 ikiwa 14/1 ndiyo odi 15.00. Lakini odi kama hizo ni za farasi. Kwenye mikeka yetu ya mpira nani anaweka timu ya odi 8.00?

Tuchukue mpira basi. Mechi nne zenye odi 1.80, 2.10, 2.50 na 3.20, shilingi 500 kila mkeka. Akishinda mmoja, Yankee inatoa sifuri. Lucky 15, iliyokugharimu 7,500, inatoa 900 kama ni ile ya 1.80, na 1,600 kama ni ile ya 3.20. Zikishinda mbili, hapo watu huanza kushangilia mapema. Yankee inalipa jozi moja tu. Jozi ndogo kabisa ni 1.80 mara 2.10, inatoa 1,890. Jozi nono kabisa, 2.50 mara 3.20, inatoa 4,000. Umetoa 5,500! Ili mechi mbili zirudishe dau la Yankee, odi zao zikizidishwa lazima zifike 11. Ni mpaka zishinde tatu ndipo unapumua: hata zile tatu ndogo zinatoa 11,490. Zote nne zinatoa 58,498, wakati 5,500 hiyohiyo ukiiweka yote kwenye mkeka mmoja wa mechi nne ingetoa 166,320. Tofauti hiyo ndiyo bei ya kuruhusiwa kukosea mechi moja.

Kuna njia moja tu ambayo mshindi mmoja hulipwa kwenye Yankee: mechi nyingine ikifutwa, au farasi akiondolewa kabla ya mbio. Iliyofutwa huhesabiwa odi 1.00, kana kwamba imeshinda bila faida. Ukiwa na mshindi mmoja wa 3.20, mmoja aliyefutwa na wawili waliopoteza, jozi ya hao wa kwanza inalipa 3.20 mara 1.00, yaani 1,600 kwa dau la 500. Wengi huchana tiketi hiyo wakidhani imekufa. Kwa upande wa pili, kwenye Lucky 15 aliyefutwa anaweza kukunyima kile kifuta machozi, kwa kuwa masharti mara nyingi hutaka wale watatu wengine wawe wamepoteza kweli. Soma masharti ya duka husika.

Mzee alirudi Jumamosi iliyofuata. Safari hii akataka ile ya 15, na akaniuliza mara mbili kama singo zimo. Akapata mshindi mmoja tena, lakini wa 2/1. Tuliongeza maradufu ikawa 4/1, nikamhesabia pauni 2 na peni 50 kutoka kwenye pauni 7 na peni 50 alizotoa. Alizishika mkononi, akacheka. "Leo angalau mashine imenisalimia."