Muda wa akiba: dakika ngapi za siku ziachwe wazi?

*Je, kwa nini nikipanga siku yangu saa kwa saa, akija mtu mmoja tu na jambo lake ratiba yote inaharibika? Na nifanyeje, maana watu hawataacha kuja?*

Tumchukue mhasibu wa shule ya sekondari ya bweni. Anaingia ofisini saa 2 asubuhi, anatoka saa 11 jioni, na saa 7 hadi saa 8 anakula. Hiyo ni siku ya dakika 480 za kazi. Kapanga asubuhi kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki, halafu kuandika vocha za malipo, na mchana orodha ya mishahara. Kila saa ina kazi yake. Saa 3 anaingia mzazi na risiti ya benki: amelipa ada lakini jina la mwanawe halimo kwenye orodha ya waliolipa. Dakika 20 zinakwenda. Hazionekani nyingi, lakini katika siku iliyojaa hakuna mahali pa kuzirudisha. Vocha zinaanza zikiwa zimechelewa dakika 20. Mkuu wa shule akihitaji takwimu za wanaodaiwa, inaongezeka nusu saa, na mishahara inayofuata inaanza na deni la dakika 50.

Jambo linaloumiza zaidi ni kwamba ucheleweshaji hujumlika, ila uwahi haujumliki. Kazi ikichelewa, huisukuma inayofuata. Ikiisha mapema kwa dakika 10, hizo dakika huishia kwenye simu au maongezi, kwa sababu kazi inayofuata imepangiwa saa yake. Kwa hiyo hata kama makadirio yako ni sahihi kwa wastani, siku itaelekea kuchelewa.

Jambo hili lilichunguzwa zamani na watu wa simu. Mwaka 1909 Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa kampuni ya simu ya Kopenhagen, Denmark, alichapisha kazi yake ya kwanza kuhusu simu zinazoingia bila mpangilio. Hapo ndipo ilipoanza hisabati ya foleni. Chukua hali iliyo rahisi kuliko zote: mhudumu mmoja, watu wanaokuja wakati wowote, na shida zinazotofautiana urefu. Mhudumu akiwa na kazi kwa asilimia 50 ya muda wake, anayekuja husubiri kwa wastani muda unaolingana na wa kuhudumia mtu mmoja. Akiwa na kazi asilimia 80, kusubiri ni mara 4. Kwa asilimia 90 ni mara 9, na kwa asilimia 95 ni mara 19.

Tuseme shida moja huchukua dakika 20. Kwa asilimia 80, mtu atasubiri dakika 80. Ukiongeza kazi kidogo ukafika asilimia 90, atasubiri saa 3. Kwa asilimia 95, atasubiri zaidi ya saa 6, yaani leo hii ndiyo imekwisha. Siku ya ofisini haifuati hesabu hii neno kwa neno, kwa sababu wewe unaweza kuchagua nani aanze na nani asubiri. Hata hivyo umbo lake ni lilelile: nafasi ya mwisho unayoijaza ndiyo inayogharimu zaidi. Ndiyo maana mtu anaongeza kikao kimoja kifupi tu, halafu siku iliyokuwa inakwenda vizuri inamshinda.

Hospitali moja ya mji wa Springfield, katika jimbo la Missouri nchini Marekani, ililiona hili waziwazi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ilikuwa na vyumba 32 vya upasuaji, vyote vimejaa. Kila alipoletwa mgonjwa wa dharura, upasuaji uliopangwa ulisogezwa, na madaktari walifanya kazi hadi usiku. Ushauri waliopewa ulionekana wa ajabu: chumba kimoja kiachwe bila ratiba, kiwe cha dharura peke yake. Madaktari walipinga, maana vyumba vilikuwa havitoshi tayari. Kilipotengwa, upasuaji uliofanyika baada ya saa 9 alasiri ulipungua kwa karibu nusu, na idadi ya upasuaji wote iliongezeka kwa takriban asilimia 5. Sababu ni hii: hakuna aliyeweza kusema ni mgonjwa gani wa dharura angekuja Jumanne, lakini kwamba wangekuja, na kwa wingi gani, hilo lilijulikana.

Kwa mhasibu wetu ni vivyo hivyo. Hajui ni mzazi gani atakuja kesho, ila wazazi watakuja. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kupima. Kwa siku 10 za kazi aweke karatasi pembeni ya meza, na kila anapokatizwa aandike mstari mmoja: saa, aliyekuja, dakika zilizotumika. Dakika hizo zihesabiwe hadi pale anapokuwa amerudi kweli kwenye kazi yake, siyo hadi mgeni anapofunga mlango. Kutafuta ulikuwa umefikia mstari gani wa daftari ni sehemu ya gharama, na wengi huisahau.

Tuseme jumla za siku hizo 10, zikipangwa kuanzia ndogo, ni dakika 60, 65, 70, 75, 85, 90, 95, 100, 110 na 180. Wastani wake ni 93. Kishawishi ni kutenga dakika 93, na hapo ndipo wengi hukosea. Ukiangalia orodha, siku 4 kati ya 10 zilizidi kiasi hicho, kwa hiyo karibu mara mbili kwa wiki ratiba ingevunjika tena. Afadhali uchukue namba ya 8, ambayo hapa ni 100. Siku 8 kati ya 10 zitatoshea, na siku ya dakika 110 itapita kwa kubanana kidogo. Siku ya dakika 180 usijaribu kuitengea nafasi, kwa sababu ungepoteza muda mwingi kila siku kwa ajili ya jambo linalotokea mara moja kwa wiki mbili. Siku kama hiyo ina dawa nyingine: asubuhi uwe umeshaamua ni kazi ipi itaahirishwa siku ikizidiwa, na Ijumaa alasiri uache saa 2 wazi za kuipokea kazi hiyo.

Dakika 100 kati ya 480 ni kama asilimia 21. Maana yake kazi ya kupangwa isizidi dakika 380. Hapa moyo hukataa, lakini kumbuka dakika hizo 100 zilikuwa zinatumika tangu zamani. Tofauti ni kwamba sasa zimeandikwa.

Swali linalofuata ni ziwekwe wapi. Zikiwekwa zote jioni, mzazi wa saa 3 hana pa kuelekezwa, na kuchelewa kwa asubuhi kutakuwa kumeshaiburuta siku nzima. Zikitawanywa dakika 5 baada ya kila kazi, hazitoshi shida hata moja na zinayeyuka. Vipande viwili vinafaa zaidi. Mfano: saa 2:00 hadi 4:00 daftari na benki, 4:00 hadi 5:30 vocha, 5:30 hadi 6:20 muda wa akiba, 6:20 hadi 7:00 barua na simu. Baada ya chakula, 8:00 hadi 9:40 mishahara. 9:40 hadi 10:30 akiba tena. Nusu saa ya mwisho kufunga hesabu za siku. Kama karatasi yako inaonyesha watu huja zaidi saa 3, basi sogeza kipande cha kwanza kifuate watu.

Ukiwa na vipande hivyo, mlango unapogongwa una jibu. Kama jambo haliwezi kusubiri, kwa mfano gari la shule limekwama kituoni bila pesa ya mafuta, linafanywa papo hapo, na kazi iliyokatizwa inamaliziwa kwenye muda wa akiba unaofuata. Kabla ya kuinuka andika mstari mmoja wa pale ulipoishia: "nimefika hundi ya tarehe 14, bado kuiona benki". Kama linaweza kusubiri, mpe mtu saa: "Mama, nitakushughulikia saa 5 na nusu, nitakuwa na faili lako mezani." Wengi hukubali kusubiri wakipewa saa inayoeleweka. Kinachowafanya wasimame mlangoni ni "subiri kidogo" isiyo na mwisho. Ila ukiisema saa hiyo, itimize. Ukiivunja mara mbili, hakuna atakayekubali tena kuondoka.

Mpango huu huharibika kwa njia ambazo si ngumu kuzitambua. Ya kwanza ni kwamba nafasi nyeupe kwenye kalenda huonekana kama mwaliko. Mwenzako ataweka kikao humo, au wewe mwenyewe asubuhi utachomeka kazi mpya. Iandike kwa jina, "Yanayojitokeza", na uijaze rangi kama kazi nyingine. Asipokuja mtu, fanya humo kazi inayoweza kuachwa katikati bila hasara, kama kupanga risiti kwenye mafaili. Kazi yenye tarehe ya mwisho usiiweke humo kamwe, maana ukiiweka, nafasi hiyo si akiba tena.

Ya pili hujificha zaidi. Unaona muda wa akiba unaisha kila siku, na unadhani watu wameongezeka. Rudi kwenye karatasi. Kama dakika za kukatizwa ni zilezile, tatizo ni makadirio yako: umeandika dakika 90 kwa vocha wakati siku zote huchukua 120. Kupunja muda wa kazi zetu wenyewe ni tabia ya binadamu iliyoelezwa kitaalamu na wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky mwaka 1979, na haiponi kwa kujihimiza. Tumia muda ambao kazi hiyo ilichukua mara iliyopita. Muda wa akiba ni wa mambo ya watu wengine; ukiufanya uzibe pia makadirio mabaya, hautatosha hata ukiwa saa 3.

Mpango huu una mipaka. Mtu wa mapokezi au muuza duka, ambaye kazi yake yenyewe ni kuhudumia wanaoingia, hasaidiwi na vipande viwili vya dakika 50. Huyo anahitaji mtu wa kumshikia meza kwa saa moja, au saa ambayo dirisha limefungwa na tangazo limebandikwa. Na kwa mhasibu wetu, kipimo cha Mei hakifai kwa wiki ya kufungua shule. Wiki hiyo wazazi hupanga foleni kuanzia asubuhi, kwa hiyo karatasi ya siku 10 irudiwe, na mpaka namba mpya zipatikane apange kazi za nusu siku tu, huku mishahara na ulinganisho wa benki vikiwa vimeshamalizwa wiki iliyotangulia.