Skrinshoti ya wotsapu mahakamani inapokelewaje?

Tuchukue mkulima wa zabibu kule Hombolo. Kampakilia mnunuzi tani 30 kwa 1,500 kilo, jumla milioni 45, kalipwa milioni 3 kwa simu, halafu mnunuzi akamwandikia wotsapu "mzee wangu hizo 42 nakumalizia mwezi ujao" na hapo akapotea. Akibanwa anasema hajawahi kuandika kitu kama hicho. Mzee kapiga skrinshoti, kaprinti steshenari mjini, kafika mahakama ya wilaya na karatasi yake, wakili wa mnunuzi akaweka pingamizi palepale.

Sasa, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya 2015, kifungu cha 18, inasema ushahidi haukataliwi eti kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Ila hakimu ataangalia ujumbe ulitengenezwa, ukatunzwa na kutumwa kwa njia ya kuaminika au la, umebaki vilevile bila kuchezewa, na mtumaji katambuliwaje.

Hiyo ya mtumaji ndo inaangusha wengi. Skrinshoti imeandikwa "Bosi Zabibu" juu, lakini hilo jina kalisevu mzee mwenyewe, hata mimi naweza kusevu namba ya mdogo wangu kwa jina hilo halafu tukaandikiana deni. Inatakiwa namba yenyewe ionekane, pamoja na usajili wa laini kutoka kampuni ya simu, ambayo haina upande kwenye kesi na inatunza kumbukumbu hizo kwenye kazi zake za kila siku, ndo maana sheria inaziamini kirahisi zaidi.

Mzee pia aje na simu yenyewe aeleze chini ya kiapo kwamba ni yake, ilikuwa inafanya kazi vizuri, aliprinti nani na lini, na hakuna kilichobadilishwa. Haya yanasemwa kabla karatasi haijapokelewa, asikimbilie kuisoma kwanza.

Mnunuzi akizidi kukana, anaitwa mtaalamu. Huyu anakopi data bila kuigusa ile ya asili, anatoa hashi, kwa mfano SHA-256, ambayo ni kama alama ya kidole ya faili yenye herufi na tarakimu 64, ukibadilisha hata nukta moja inageuka yote. Akiirudia ikatoka ileile basi faili halijaguswa tangu alipokopi, lakini tangu hapo tu, ya nyuma yake hashi haiyajui, wala haisemi nani alikuwa kashika simu. Aeleze amesomea nini na alifanyaje hatua kwa hatua, maana maoni yake hayamfungi hakimu, na akisema tu "nimepima ni halisi" bila sababu hayana uzito.

Na kielelezo kikipokelewa bado kinapimwa uzito. Kwa mzee wetu kitakachombana sana mnunuzi ni muamala wa ile milioni 3, umetoka namba ileile iliyoandika deni.