Maswali ya kujipima mwisho wa moduli: jibu peke yake halimsaidii anayesoma mwenyewe

Habari zenu wadau. Huwa tunaletewa vijitabu vya masomo kwa njia ya posta na mtandao ili tuvipitie kabla havijaenda kuprintiwa, na mara nyingi moduli imeandikwa vizuri tu ila ukifika mwisho unakuta maswali kumi, halafu ukurasa wa nyuma kuna 1-B, 2-C, 3-A basi. Sasa mtu yuko kijijini anasoma usiku baada ya kazi, mwalimu hayupo, amekosa swali la 3, anaambiwa jibu ni A. Anajua amekosa ila hajui amekosea wapi. Hapo hajajipima, amejihukumu tu.

Tuchukue moduli ya hesabu za biashara ndogo, sehemu ya asilimia ya faida. Swali: Asha alinunua gunia la mkaa kwa shilingi 40,000 akaliuza 50,000. Je, faida yake ni asilimia ngapi ya bei ya kununulia? Waandishi wengi wataweka 25% kama jibu sahihi halafu yale mengine matatu wanajiokotea tu namba, sijui 12%, 33%, 60%. Namba hizo hazikuambii chochote kwa sababu hakuna mtu anayefanya hesabu akapata 33% hapo, akiichagua ujue amebahatisha.

Jibu la uongo zuri linatokana na kosa ambalo watu wanalifanya kweli. Kwa hiyo unakaa chini unafanya hesabu vibaya makusudi, kama mwanafunzi anavyofanya. Akigawanya faida ya 10,000 kwa bei ya kuuzia 50,000 anapata 20%. Akisahau kutoa, akagawanya 50,000 kwa 40,000, anapata 125%. Akigeuza akagawanya 40,000 kwa 50,000 anapata 80%. Basi choisi zako ndo hizo: A 20%, B 25%, C 80%, D 125%.

Ukishafanya hivyo maelezo yanakuwa rahisi kuandika maana kila herufi ina kosa lake. Kwenye kurasa za majibu unaandika hivi: "Jibu ni B. Faida ni 50,000 toa 40,000, yaani 10,000. Gawanya kwa bei ya kununulia 40,000, zidisha kwa 100, unapata 25. Kama ulichagua A, faida umeipata sawa ila umegawanya kwa bei ya kuuzia. Hiyo 20% wafanyabiashara wanaitumia kweli, ila hapa tumeuliza ya bei ya kununulia, rudia 3.2. Kama ulichagua C au D, bado hujatafuta faida, umelinganisha bei mbili tu, anza na 3.1." Angalia hapo kwenye A, hatujamwambia amekosa halafu tukanyamaza, tumemwonyesha sehemu aliyopatia, maana amepatia nusu nzima ya kazi.

Na hiyo 3.2 ni namba ya sehemu sio ya ukurasa. Kurasa zinahama kila mtu wa kompyuta akibadilisha saizi ya herufi, namba ya sehemu haihami. Hivyo hivyo ukibadilisha mpangilio wa A, B, C, D dakika ya mwisho lazima ubadilishe na maelezo, hii imeshatuharibia kopi nyingi sana, mwanafunzi amepatia anaambiwa amekosa.

Kisha weka swali la pili la ustadi uleule, namba tofauti: amenunua 50,000, ameuza 60,000. Hilo ni la kurudia baada ya kusoma maelezo. Angalia tu namba zako, maana ukiweka 80,000 na 100,000 jibu linakuwa tena 25% na mtu atalikariri, ila kwa 50,000 na 60,000 ni 20%, iko poa.

Maswali ya kueleza yana shida nyingine. Ukiuliza kwa nini hela ya matumizi ya nyumbani isiingizwe kwenye gharama za biashara, jibu la mwanafunzi halitafanana neno kwa neno na lako, atadhani amekosa. Kwa hiyo usimpe aya moja ndefu tu, mpe na hoja za kutiki: je, umetaja kwamba faida itaonekana ndogo kuliko ilivyo? Umetaja kwamba hutajua kama bei unayouzia inakulipa? Akitiki zote aendelee, akitiki moja arudie sehemu husika.

Majibu yenyewe yapeleke mwisho wa kijitabu kabisa, sio chini ya swali, jicho la mtu halizuiliki. Na kabla ya kuprinti wape wanafunzi watano sita hivi wafanye huku wakieleza kwa sauti wanavyofikiri. Choisi ambayo hakuna hata mmoja aliyeifikiria iangalie upya, na kama mtu amefanya kosa ambalo halimo kwenye choisi zako ndo umepata ya kuweka mahali pake.