Teksi moja, vituo vitatu: nani alipe ngapi?

Dhana: Tukigawana sawa kwa sawa, hakuna anayeonewa.

Ndivyo abiria wengi wanavyosema wakiungana nje ya Uwanja wa Ndege wa Dodoma ili wachukue teksi moja kuelekea barabara ya Dar es Salaam. Tuchukue mfano: mmoja anashuka Nanenane, wa pili Ihumwa, wa tatu Mtumba. Tufanye kila mmoja akikodi peke yake atalipa shilingi 9,000, 21,000 na 30,000 kwa mfuatano huo. Vituo vyote viko njia moja, kwa hiyo gari zima ni 30,000. Mkigawana sawa, kila mtu atatoa 10,000. Wa Nanenane amezidishiwa 1,000 kwa kupanda na wenzake! Bora angekodi ya kwake.

Ukweli: Kila kipande cha safari kilipwe na waliokuwa ndani ya gari.

Hadi Nanenane mko watatu, kwa hiyo ile 9,000 ni 3,000 kila mmoja. Kutoka hapo hadi Ihumwa bei imeongezeka 12,000 na mmebaki wawili, yaani 6,000 kila mmoja. Kipande cha mwisho, 9,000, ni cha wa Mtumba peke yake. Hesabu inakuja 3,000, 9,000 na 18,000, jumla 30,000 kamili. Mchumi Littlechild na mwanahisabati Owen walionyesha mwaka 1973 kwamba njia hiihii inafaa kugawa gharama za barabara ya kurukia ndege kati ya ndege ndogo na kubwa: ndege ndogo haichangii urefu isiouhitaji.

Dhana: Basi wa mwisho ndiye anayebebeshwa mzigo.

Hapana. Peke yake angelipa 30,000, sasa ameokoa 12,000, sawa kabisa na wa Ihumwa. Anayeokoa kidogo ni wa Nanenane, 6,000.

Dhana: Kuchepuka kidogo ni kwa wote.

Hapa ndipo ugomvi huanzia. Wa Nanenane akitaka kufikishwa mlangoni, ndani kabisa Nzuguni, na dereva akaongeza 4,000, nyongeza hiyo ni yake yote, kwa kuwa wenzake hawajapata chochote isipokuwa kuchelewa. Atalipa 7,000. Bado ni chini ya kukodi peke yake, lakini kama bodaboda kutoka barabarani ni 2,000, ashuke barabarani.

Hesabu hii inafaa tu mkiwa mmekodi gari zima. Dereva akisema "elfu kumi kila kichwa", mmeshaingia mkataba mwingine. Kwa hiyo, kabla mizigo haijaingia kwenye buti, muulizeni bei ya gari hadi kituo cha mwisho, vituo vyote vikiwa vimetajwa. Kila anayeshuka amkabidhi fungu lake yule anayekwenda mbali zaidi, kwani ndiye atakayemalizana na dereva.